MALI YA URITHI: MMOJA ANAITAFUNA, MWINGINE ANAIATAMIA



Ndugu yangu Muislamu, mzee alifariki Shaaban, leo ni Muharram na mali haijagawanywa. Ukiuliza unaambiwa, "Tusiwe na haraka." Lakini pilau ya arobaini mliipika haraka, tena kwa fedha za marehemu! Kama kuna mtoto ambaye hajabaleghe, mmewalisha wageni mali ya yatima.

Tuchukulie ameacha shilingi 46,000,000, mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walishatangulia. Alikuwa anadaiwa dukani 4,000,000, na mahari ya mkewe ilibaki 2,000,000. Ndiyo, mahari ni deni! Mama analipwa kwanza, halafu ndipo anachukua fungu lake. Wasia hakuacha, kwa hiyo zinabaki 40,000,000. Mke ana thumni, 5,000,000. Zilizobaki, kila mwanamume 14,000,000 na binti 7,000,000. Hesabu hii inamalizika kikao kimoja. Miezi mitano mnasubiri nini?

Sasa wewe kijana mwenye 14,000,000. Ukizitapanya kwa simu na harusi ya kushindana, hilo sote tunalikemea. Ninayegombana naye leo ni yule aliyeziacha zilale mwaka wa pili, akijiita mwenye kumcha Mungu. Suratul Israa, aya ya 29, imekataza yote mawili: mkono uliofungwa shingoni na mkono ulionyooshwa wote. Sayyidna Umar, Allah amridhie, aliwahimiza walezi wafanyie biashara mali za mayatima, zisije zikaliwa na zaka. Ikiwa fedha zako zimefikia nisabu na zikatimiza mwaka wa Hijria mkononi mwako, zaka ya 14,000,000 ni 350,000. Ukizilaza, unaitoa kwenye mtaji kila mwaka, na huku bei ya kiwanja inapanda.

"Shekhe, bado naswali istikhara." Istikhara ya jambo gani? Mtume, rehema na amani zimfikie, aliifundisha kwa mtu aliyekwisha kukusudia jambo maalumu. Wewe hujakusudia kitu, unangoja ndoto!

Lipa madeni yako wiki hii. Kisha jipe muda, tuseme miezi mitatu, zikae kwenye akaunti isiyo na riba, na usimwahidi mtu yeyote mkopo. Ndani ya muda huo tafuta jambo moja. Kama ni kiwanja, peleka namba yake ofisi ya ardhi uone jina lililosajiliwa, waulize majirani kama kina kesi, nenda ukakitazame wakati wa masika uone maji yanasimama wapi. Ukiridhika, hapo ndipo uswali rakaa zako mbili, kisha uende ukaandikiane na muuzaji mbele ya mashahidi.

Wallahu aalam.