Neno la Mhariri: Hotuba Isiyotaja Hesabu

Kampuni ndogo mbili za mabasi zikishaungana, haipiti wiki meneja anawaita wafanyakazi gereji na kuwahutubia. Hotuba zenyewe zinafanana mno. Wenye mali wa pande zote mbili wanashukuriwa, dira inatajwa, "sisi sasa ni familia moja" inasemwa mara tatu, kisha soda. Dereva aliyesimama nyuma anaondoka bila kujua kesho alfajiri ataendesha gari lipi, fedha atamkabidhi nani, wala yeye mwenyewe atalipwaje. Toleo hili linaihusu hotuba hiyo, kwa sababu hapo ndipo mkakati unapopimwa. Meneja asiyeweza kuueleza mkakati wake mbele ya makondakta bado hajaumaliza.

Tutumie mfano wa kubuni katika barabara ya kweli. Kampuni ya kwanza ina mabasi sita ya Arusha hadi Singida. Ya pili ina manne ya Arusha hadi Dodoma kupitia Kondoa. Mpaka Babati barabara yao ni moja. Kabla ya kuungana, kila kampuni ilitoa basi lake Arusha saa 12 asubuhi, na hayo mawili yalifukuzana kugombea abiria wa Makuyuni, Minjingu na Magugu. Mkakati hapa hauhitaji mtaalamu wa kukodi. Basi moja litoke saa 12 na lingine saa 2, ili abiria wa Babati apate magari yaliyoachana. Kila kampuni ilikuwa na gari moja la akiba. Sasa libaki moja kwa wote, la pili liingie barabarani. Gereji iwe moja, tairi na vilainishi vinunuliwe kwa pamoja.

Kwenye karatasi hakuna wa kupinga. Shida ni kwamba kampuni ya kwanza ilikuwa ya hesabu na ya pili ilikuwa ya mshahara. Wa hesabu wanampelekea tajiri kiasi kilichopangwa kila siku, wanajaza mafuta wenyewe, kinachobaki wanagawana. Wa mshahara wanapeleka makusanyo yote ofisini na kupokea posho ya safari. Sasa mwambie dereva wa hesabu aondoke saa 12 kamili, gari likiwa nusu. Unamwambia aache mfukoni mwa wengine fedha ambayo angeipata kwa kusubiri dakika 20. Hataondoka, na akiondoka atakimbia ili afidie njiani. Ratiba ya muungano inafia hapo, hata kama imebandikwa ukutani kwa rangi. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo meneja anapaswa kulisema, kabla ya dira na kabla ya jina jipya, ni kwamba hesabu inafutwa, lini, na badala yake kuna nini.

Na aseme kwa tarakimu. Tuseme siku ya kawaida basi la hesabu lilikusanya shilingi 560,000. Tajiri alipata 250,000, dizeli ikala 220,000, zikabaki 90,000, na dereva akaondoka na nusu, yaani 45,000. Akifanya kazi siku 22 kwa mwezi, ni 990,000. Kampuni mpya inampa mshahara wa 500,000 na posho ya 15,000 kwa siku ya safari, jumla 830,000 kabla ya makato. Dereva yeyote atalifanya zoezi hilo kichwani kabla meneja hajafika aya ya pili, na ataona upungufu wa 160,000. Afadhali ausikie kwa meneja mwenyewe. Sisi tungependa aongee hivi:

"Ndugu zangu, nianze na wenzetu mliokuwa wa hesabu. Mwezi mzuri mtapungukiwa, na sitaki mtu alijue hilo stendi. Lakini gari likilala gereji siku saba, hesabu ilikuwa inawapa 675,000, na sasa mtapata 725,000, kwa sababu mshahara haulali gereji. Mtaandikishwa NSSF, na wengi wenu hamkuwahi kuwa nayo. Makato yake nitayaonyesha hapa ubaoni, mjue kinachofika mkononi. Ninachokitaka ni kimoja: gari liondoke kwa saa. Likiondoka na abiria 20, hakuna atakayekuuliza kwa nini. Likichelewa, utaulizwa. Na ninyi makondakta, abiria wa njiani akatiwe tiketi kama wa stendi. Wakaguzi watapanda popote."

Ile ya mwisho si nyongeza tu. Kuondoa hesabu kunamaliza mbio na kuanzisha uvujaji. Kondakta wa hesabu hana sababu ya kumwibia tajiri, maana ziada ni yake. Wa mshahara anayo, na Magugu ni mbali na ofisi. Dalili ya uvujaji ni rahisi kuiona: abiria walioandikwa kutoka stendi hawapungui, lakini mauzo ya njiani yanashuka katika gari moja huku gari lingine la saa jirani likiwa palepale.

Baada ya malipo kuna swali ambalo watu wanaogopa kuliuliza kwa sauti: nani anapunguzwa? Katika mfano wetu si madereva, kwa kuwa gari moja zaidi linaingia barabarani. Hatari iko ofisini, kwenye wakata tiketi wa madirisha mawili, wahasibu wawili na mafundi wakuu wawili. Wao ni wachache, na ndiyo maana hotuba nyingi huwaruka. Hapa meneja ana mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza wafanyakazi: sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua, muda, na malipo. Akitaja majina jukwaani, amekiri kwamba uamuzi umeshapita, na shauri litamkuta Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akiahidi kwamba hakuna atakayeguswa, amedanganya. Anachoweza kusema ni kwamba nafasi fulani zimejirudia, mashauriano yanaanza siku fulani, na anayeondoka kwa kupunguzwa ana kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili alioutumikia, kwa miaka isiyozidi kumi.

Aseme pia habari ya makaratasi. Leseni ya LATRA, bima na kadi ya gari bado zina jina la zamani, na anayesimamishwa na trafiki ni dereva. Ajulishwe ni hadi tarehe gani anatembea na jina gani.

Kuna jambo la kazi yetu ambalo washauri wa mijini hulisahau. Kampuni ya mabasi haiwezi kukutana yote. Meneja anapohutubia Arusha Jumapili jioni, sehemu kubwa ya madereva wamelala Singida na Dodoma. Watapigiwa simu usiku uleule na waliohudhuria, na kila mmoja atasikia kile kilichomtisha msimulizi. Hotuba isomwe kutoka kwenye karatasi, kisha meneja apande basi aisome kwa maneno yaleyale huko mwisho wa safari.

Wapo wengine wasioalikwa kabisa, yaani wapiga debe na mawakala wa stendi. Hawamo kwenye orodha ya mishahara, lakini riziki yao ni gari linalosubiri kujaa. Ratiba mpya inawanyima fedha kuliko inavyomnyima dereva, na wana uwezo wa kuwaelekeza abiria kwenye basi la mshindani. Wakae na meneja kabla ya hotuba, wakubaliane malipo kwa kila tiketi iliyouzwa kabla ya saa ya kuondoka, na dereva azisikie sauti zao kabla hajawasha gari saa 12 ya siku ya kwanza.