Soseji, Salami na Kansa: Madai Matatu Yajibiwe

Oktoba 2015, Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kansa, kilicho chini ya Shirika la Afya Duniani, kiliiweka nyama ya kusindikwa katika Kundi la 1 la visababishi vya kansa kwa binadamu. Hapa Goma, penye salami, nyama ya kopo na nyama ya moshi, tangazo hilo limezaa madai yanayohitaji kujibiwa.

“Kula soseji ni sawa na kuvuta sigara.” Si sawa. Makundi haya hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukali wa hatari. Kundi la 1 lina maana kwamba wataalamu wameridhika kuwa kitu hicho husababisha kansa. Halisemi kinaua wangapi. Sigara imo, na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota kuvu nayo imo. Makadirio ya wakati ule yalihusisha tumbaku na vifo vya kansa kama milioni 1 kwa mwaka duniani, na ulaji mwingi wa nyama ya kusindikwa na vifo kama 34,000.

“Ukila, uwezekano wako wa kupata kansa ni asilimia 18.” Hapana. Asilimia 18 ni nyongeza juu ya hatari uliyokuwa nayo, kwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku, na inahusu kansa ya utumbo mpana. Tuchukue nchi ambako watu 5 kati ya 100 huugua kansa hiyo maishani. Wote wakila gramu 50 kila siku, watakaougua watakuwa karibu 6. Kwa mtu mmoja nyongeza ni ndogo. Kwa taifa zima ni wagonjwa wengi. Anayeonja salami sikukuu moja hayumo katika hesabu hiyo.

“Hayo ni ya viwandani, nyama yetu ya moshi ni ya asili.” Nayo inahusika. Kusindika ni kuitia nyama chumvi au dawa ya kuihifadhi, kuichachisha au kuikausha kwa moshi. Nyama ya pori inayofukizwa huko Walikale ili isioze njiani imo. Moshi wa kuni huacha juu ya nyama kemikali ambazo baadhi yake huleta kansa. Kwenye salami tatizo jingine ni naitraiti, E250 kwenye lebo, inayoifanya ibaki nyekundu hata ikipikwa, ilhali nyama mbichi ikichemshwa hugeuka kahawia. Tumboni, naitraiti huweza kuzaa kemikali zinazodhuru chembe za utumbo. Hata hivyo tafiti nyingi zilifanywa kwa walaji wa nchi tajiri, kwa hiyo usiibandike ile asilimia 18 kwenye nyama ya Walikale.

Mishikaki ya nyama mbichi ya ng’ombe haimo humu: nyama nyekundu iko Kundi la 2A, ambako ushahidi ni hafifu zaidi. Basi salami isiwe mboga ya kila siku. Mbadala wake uwe maharage au sambaza wabichi wa Ziwa Kivu.