Deni lisigeuzwe na mpangilio wa karatasi

Wengi wetu tushaletewa picha kama hii kwenye simu. Dada anayefanya kazi za nyumbani Saudia amechora jedwali kwenye daftari, akaandika mwezi baada ya mwezi alichoahidiwa, alichopewa na kinachobaki. Anataka iandikwe kwa Kiarabu apeleke na malalamiko yake. Mwenye kujua Kiarabu anakaa chini, nusu saa imeisha kazi. Maneno yote yako sawa, lakini karatasi inamuangusha.

Shida ni kwamba Kiarabu huanzia kulia, na jedwali lake pia. Safu ya kwanza, ile ya mwezi, inatakiwa kuwa kulia kabisa, halafu ahadi, halafu malipo, halafu baki upande wa kushoto. Lakini tarakimu zenyewe hazigeuki. 900 inabaki 900, inasomwa kushoto kwenda kulia hata ndani ya Kiarabu.

Sasa chukua mfano. Mshahara ni riyali 900. Januari alipewa 900, baki 0. Februari alipewa 600, baki 300. Machi na Aprili hakupewa kitu, baki 900 kila mwezi. Jumla: ahadi 3,600, malipo 1,500, baki 2,100. Mtafsiri anaandika vichwa vya safu kutoka kulia, vizuri kabisa, na miezi anaiweka kulia. Halafu ili asikosee tarakimu, anazikopi zote kwa mpigo na kuzibandika zilivyo. Kumbe zimebaki na mpangilio wa kushoto kwenda kulia. Chini ya "ahadi" sasa kuna baki, na chini ya "baki" kuna ahadi. Anayesoma anaona mtu aliyeahidiwa 2,100, akapewa 1,500, na anadai 3,600. Nani atamuamini?

Na kosa hili linajificha. Angalia Machi: 900, 0, 900. Hata ukiigeuza ni ile ile. Ukipima kwa mstari huo utasema kila kitu kiko sawa. Pima kwa Februari, ambapo tarakimu tatu zote ni tofauti. Ahadi toa malipo lazima ilete baki. 900 toa 600 ni 300, sawa. Iliyogeuzwa inasema 300 toa 600 ni 900. Hapo unajua. Na huhitaji kujua Kiarabu kufanya hesabu hiyo, unahitaji tu kuambiwa kichwa kipi ni kipi.

Njia tunayoona inafaa ni hii. Usianze na Kiarabu. Nakili kwanza jedwali kama lilivyo kwenye picha, idadi ile ile ya mistari na safu, kwa lugha aliyotumia mwenyewe. Kisanduku kitupu kiwekee alama, kwa sababu ukikopi maandishi kutoka kwa picha, kitupu hupotea na tarakimu ya pembeni yake husogea kuchukua nafasi. Halafu tafsiri kisanduku kimoja kimoja hapo hapo kilipo. Mwisho kabisa geuza jedwali zima kwa pamoja: kwenye Word, fungua `Table Properties` uchague `Right-to-left`. Kama huoni chaguo hilo, ongeza kwanza Kiarabu kwenye lugha za Word. Na usihamishe safu kwa mkono halafu ukageuza tena, maana utakuwa umezirudisha zilikotoka. Hilo tumeliona kwa watu wazoefu kabisa.

Sehemu ya juu ya karatasi, yenye jina, namba ya pasi na tarehe ya kuanza kazi, ina mtego wake. Ukiandika neno la Kiarabu na tarehe yenye vistari kwenye mstari mmoja, kompyuta inaweza kupanga vipande vyake kinyume: 05-02-24 ikaonekana 24-02-05. Mwaka umekuwa siku. Andika mwezi kwa jina na mwaka kwa tarakimu nne. Kila swali liwe na kisanduku chake upande wa kulia, na jibu lake kisanduku cha kushoto. Jina na namba ya pasi ziandikwe pia kwa herufi zile zile za kwenye pasi.

Kuhusu tarakimu zenyewe, chagua aina moja. Tano ya Kiarabu ni kama duara, na sifuri yao ni nukta. Mtu aliyezoea zetu akiona duara husoma sifuri, na 500 ya mtu inaweza kuishia hapo.

Kwa hivyo msimamo wetu: karatasi isitumwe mpaka mwenyewe amesomewa mstari wa Februari wake, kwa sauti, kutoka kulia, na mtu mwingine asiyekuwa mtafsiri. Na picha ya daftari iambatanishwe nyuma.