Bibi harusi na tangazo la ndoa lisilosomeka

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, wenzetu wengi wa visiwani wamejikuta wakiishi huko, kwa kazi, kwa masomo au kwa kufuata waume. Wengine wanaolewa huko huko. Leo tunataka kusema juu ya karatasi moja tu, nayo ni tangazo la taratibu za ndoa linalobandikwa ubaoni.

Tuchukue tangazo la mfano, la aina tunayoijua sote: "Wanaokusudia kufunga akdi wawasilishe taarifa ya kusudio ndani ya muda wa kisheria, ikiambatishwa na barua ya mtendaji, uthibitisho wa hali ya ndoa na ridhaa ya walii. Pingamizi zielekezwe kwa mamlaka husika."

Kiswahili safi, lakini bibi harusi mgeni atoke hapo aende wapi? Sisi tumezoea sheha na shehia. Bara hakuna sheha. Kuna mtaa, kata na maafisa watendaji wake. Binti aliyetoka Pemba juzi, akisoma "mtendaji", hajui ni mtendaji wa nini. Dada aliyesilimu mwezi uliopita hajui walii ni nani, wala akdi ni kitu gani. Na kwa kuwa hapendi kuonekana mjinga mbele ya wenyeji, hataki kuuliza.

Neno linaloumiza zaidi hapo ni "muda wa kisheria". Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara na si Zanzibar, inataka wachumba watoe taarifa kwa msajili au mfungishaji ndoa angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Hizo siku zipo ili nia yao itangazwe na mwenye sababu ya kupinga ajitokeze. Mgeni asiyeambiwa namba hiyo anafika wiki moja kabla, kadi zimeshagawiwa na mpishi ameshalipwa, ndipo anaambiwa amechelewa.

Rai yetu ni kwamba tangazo liandikwe kwa kumfuata bibi harusi hatua kwa hatua, hivi:

"Unataka kuolewa? Njoo wewe na mchumba wako ofisini kwetu siku 21 au zaidi kabla ya ndoa. Ndoa ikiwa tarehe 25, mwisho wa kuja ni tarehe 4 ya mwezi huo huo. Njoo na barua kutoka ofisi ya serikali ya mtaa unakoishi. Kama uliwahi kuachwa, lete hati ya talaka. Kama umefiwa na mume, lete cheti cha kifo. Tutakuuliza pia walii wako, yaani mwanamume anayekuozesha, kama vile baba yako. Kama huna ndugu Mwislamu, tuambie mapema tukuelekeze. Mtu mwenye sababu ya kuipinga ndoa aje kwa imamu kabla ya siku hiyo."

Angalieni, walii hatukumfuta. Wapo wanaodhani kurahisisha ni kuondoa maneno ya dini, na sisi hatukubaliani nao. Neno hilo atalisikia siku ya akdi mbele ya watu, basi alijue mapema, kwa maelezo mafupi pembeni yake.

Vivyo hivyo kwa maneno ya fomu za serikali. Sheria hiyo inagawa ndoa kuwa ya mke mmoja, au ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi, na ndoa ya Kiislamu inachukuliwa kuwa ya kundi hili la pili mpaka ithibitishwe vingine. Bibi harusi akikutana na maneno hayo peke yake anaweza kudhani mchumba ana mke wa siri. Fomu haiwezi kubadilishwa na mtu wa msikitini, lakini ubaoni pakiandikwa kwamba ni jina la aina ya ndoa, na si habari ya mume wake, moyo utatulia.

Tutajuaje kwamba tangazo limeeleweka? Tusimuulize mgeni "umefahamu?", maana kwa adabu atajibu ndiyo. Mpeni alisome, kisha muulizeni: "Kesho asubuhi utaanzia wapi, na utabeba nini?" Akisita, sentensi aliyosita ndiyo ya kuandikwa upya. Mpeni dada kutoka visiwani, na mpeni pia bibi wa Kondoa ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kirangi. Wote wawili wakijibu sawa, libandikeni.

Kina dada wa kamati za misikiti, kalamu hii ishikeni nyinyi. Maswali ya bibi harusi mnayajua kuliko aliyeandika lile la kwanza.