Vumbi la unga lililo juu ya mbao linaweza kubomoa kinu

Jioni ya tarehe 2 mwezi wa tano 1878, kinu kikubwa cha Washburn A, mjini Minneapolis huko Marekani, kililipuka. Wafanyakazi wa mchana, karibu 200, walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Watu 14 wa zamu ya usiku waliokuwa ndani walikufa wote, na wengine 4 wakafia katika vinu vya jirani. Kilicholipuka hakikuwa baruti. Ni unga wa ngano.

Mama anayesonga bugali atakataa kuamini. Unga ukimwagika kwenye makaa unaungua polepole na kutoa moshi, basi. Ni kweli, kwa sababu unga ukiwa fungu moja, hewa inagusa sehemu ya juu tu. Lakini ukipeperuka, kila chembe inazungukwa na hewa, inashika moto mara moja na kuwasha ile ya pembeni. Joto linatanua hewa kwa nguvu. Mahali pa wazi utaona mwali mkubwa unaoweza kumchoma mtu. Ndani ya depo iliyofungwa, kuta zinaanguka.

Uchunguzi wa Minneapolis ulionyesha kwamba mawe ya kusagia yalizunguka bila nafaka kati yake, yakasuguana na kutoa cheche. Kwenye mashini zetu za mahindi na muhogo, msumari au kijiwe kilichopita na nafaka kinaweza kutoa cheche vilevile. Usiku, umeme ukikatika, mtu analeta mshumaa.

Mara nyingi mlipuko wa kwanza ni mdogo, ndani ya mashini au bomba. Upepo wake ndio unaotikisa vumbi lililolala miaka mingi juu ya mbao za paa, na vumbi hilo linalipuka mara ya pili, kwa ukali zaidi. Mwenye mashini anayefagia sakafu kila jioni bila kuinua macho juu ameacha hatari yote pale pale.

Kuipima si kazi ngumu. Vumbi likifikia unene wa milimeta moja hivi, au likificha rangi ya mbao, limekwisha kuzidi. Liondolewe pole pole kwa kitambaa chenye maji kidogo, mashini ikiwa imezimwa. Kulipuliza kwa kompresa ni kutengeneza wingu lenyewe. Na unga ukianza kuungua, maji yanyunyizwe taratibu. Ndoo ikitupwa kwa nguvu inaurusha hewani.

Wanaopita kukagua mashini hizi na kudai makaratasi wangeomba pia ngazi, wapande, wapitishe kidole juu ya mbao. Washburn alipojenga upya kinu chake, kilichokamilika 1880, aliweka vyombo vya kukusanya vumbi.