Msipaushe Uso Ili Ufanane na Mkono wa Mashine

Kuna tabia imeingia kwenye matangazo ya nguo hapa kambini, na sisi tunaipinga. Dada anapigwa picha akiwa na sweta la mikono mirefu, kisha programu ya simu inaambiwa imvalishe gauni la kitenge lisilo na mikono. Sweta linatoka, mashine inabuni mikono, nayo inatoka myeupe kuliko shingo. Sasa mtengeneza picha anafanya nini? Anapausha uso! Eti wateja wanaangalia nguo, si mtu.

Jamani, ule mkono haukuwepo kwenye picha. Ulifunikwa, kwa hiyo mashine inakisia kutokana na picha ilizofundishwa nazo, na ikifundishwa zaidi kwa wanamitindo weupe chini ya taa za studio, itakisia hivyo hivyo. Uso na shingo ndivyo vilivyoonwa na kamera. Kinachorekebishwa ni mkono.

Chukua picha moja tuliyoletewa, ya saa nne asubuhi, jua likitokea kushoto. Shavu la kushoto linang'aa, la kulia lina kivuli. Lakini mikono yote miwili ilikuwa na mwanga sawa, tena minene kama ya mtu mwingine. Unene ule ulitokana na sweta: aliyepaka eneo la kufuta alifuata ukingo wake, mashine ikajaza umbo lile lile. Ilibidi kupaka upya kwa upana, kuvuka ukingo mpaka kwenye ukuta wa nyuma, pamoja na kivuli cha sweta kiunoni. Viganja viliachwa, maana ndiyo ngozi halisi iliyo karibu zaidi, na unene wa kifundo unaonyesha mkono uanzie wapi.

Rangi nayo si moja. Mkono wa kushoto ulilinganishwa na upande wa shingo unaopigwa na jua, wa kulia na upande wenye kivuli. Usichukue rangi ya paji la uso linalong'aa kwa jasho, wala ya chini ya kidevu, kule ni giza mno. Kiganja kwa ndani pia hapana, ngozi yetu pale ni nyeupe zaidi. Tazama upande wa nje.

Ukitaka kujua kama imekaa, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha ipunguze iwe ndogo kama kidole gumba. Kama mikono inawahi jicho kabla ya uso, bado.

Na hata ikikaa vizuri, mashine haijui kovu la dada yule wala alama yake ya chanjo. Ndiyo maana tunasema aonyeshwe picha kabla haijatumwa, na aulizwe mapema kama anakubali kuonekana mikono wazi. Akikataa, sweta libaki. Gauni litundikwe kwenye hanga lipigwe picha lenyewe.