Neno la Mhariri: Mwezi Haudaiwi Siku Kumi na Moja

Toleo hili limezaliwa na usemi unaorudiwa kila Ramadhani inapokaribia, kwamba mwaka wa Kiislamu "umepungukiwa" siku 11, kana kwamba kuna mtu aliyekosea kuhesabu. Mwezi haukukosea. Huizunguka dunia kwa siku 27 na saa chache, lakini katika muda huo dunia nayo huwa imesogea katika njia yake kulizunguka jua, hivyo mwezi hulazimika kusafiri siku 2 zaidi kabla haujaandama upya. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine hupita wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Miandamo 12 ni siku 354 na theluthi moja hivi, ilhali misimu hurudi baada ya siku 365 na robo kasoro kidogo. Tofauti ni siku 10 na saa 21.

Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye ufukwe wa kusini wa Ziwa Edward, kinafaa kwa kupima hesabu hiyo. Mwaka 2015 Idi el-Fitri iliangukia 17 Julai katika nchi nyingi, katikati ya kiangazi, wakati ambapo mwenye kuanika samaki haogopi wingu. Mwaka 2024 iliangukia 10 Aprili, ndani ya mvua. Katika miaka 9 sikukuu ilirudi nyuma siku 98, na anayezidisha 9 kwa tofauti iliyotajwa atapata takriban jibu hilohilo. Kwa kuwa kijiji kiko karibu na ikweta, urefu wa mchana wa saumu haubadiliki sana hata Ramadhani ikihama, tofauti na Brussels, ambako mchana wa Juni hupita saa 16 na ule wa Desemba hufika 8 tu; Vitshumbi kinachobadilika ni mvua.

Wanaopendekeza kuongeza mwezi wa 13, kama Wayahudi wanavyofanya mara 7 katika miaka 19, wanasahau kwamba Kurani iliukataza mtindo huo, uitwao nasii, na kwamba Waswahili wa pwani walikwisha kupata suluhisho bila kuugusa mwezi. Ibada waliihesabia mwandamo. Kilimo na safari za bahari walizihesabia Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 uliogawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, ambao bado huadhimishwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa. Makala ya kwanza inaueleza mfumo huo vizuri, ingawa inaiita miongo "ushirikina wa wakulima", neno ambalo mhariri ameliacha kwa shingo upande.

Makala ya pili inahusu Pasaka, ambayo huhamahama lakini haivuki 25 Aprili. Ya tatu ni jedwali la Idi, na humo msomaji ataona kwamba mwaka 2000 ulikuwa na Idi el-Fitri mbili, Januari na Desemba, na kwamba 2033 utakuwa hivyo tena.